Niliandika "mmeshindwa kulipa", Dar wakanipigia simu

Hoteli ninayofanyia kazi ina vyumba arobaini na kitu, upande wa Barabara ya Ngong hapa Nairobi. Mimi ndiye mhasibu wa madeni. Mgeni wa kampuni akishalala, akala, akaondoka bila kugusa mfuko kwa sababu "ofisi italipa", karatasi zake hushuka kutoka mapokezi hadi mezani kwangu, na kuanzia hapo ni mimi na ofisi yake hadi pesa iingie benki. Kwa miaka sita nimeandika barua nyingi za kukumbusha malipo, karibu zote kwa Kiingereza, na nilidhani kazi naijua. Halafu Machi 2025 nikaandika moja kwa Kiswahili, lugha niliyolelewa nayo, nikaiharibu vibaya.

Mteja alikuwa kampuni ya kusafirisha mizigo, makao makuu Dar es Salaam, tawi hapa Nairobi. Tawi lilituletea wafanyakazi kwa mafunzo, wakaingia Jumatatu tarehe 3 Februari na kuondoka Alhamisi tarehe 6. LPO, yaani hati yao ya kuagiza huduma, ilisema watu 20, usiku 3, kila mtu chumba chake, milo yote na ukumbi, kwa shilingi 11,800 kwa mtu kwa usiku. Ndani ya bei hiyo shilingi 10,000 ni ya hoteli, 1,600 ni VAT ya asilimia 16, na 200 ni tozo ya utalii ya asilimia 2. Zidisha kwa 60 upate shilingi 708,000. Ishike hesabu hiyo, maana huko mbele itanifanya niseme mambo peke yangu ofisini.

Invoisi niliitoa Ijumaa tarehe 7, ikapita bila shida kwenye eTIMS, mfumo wa invoisi wa KRA, mamlaka ya kodi, nikaituma siku hiyohiyo. Mkataba wetu unampa mteja siku 30, kwa hiyo mwisho ulikuwa Jumapili tarehe 9 Machi. Katikati hapo sikufanya lolote. Sikupiga simu hata moja kuuliza kama invoisi imefika, imefika kwa nani, na kama kuna mtu ana swali. Nilikaa tu nikingoja mwezi uishe, kama vile invoisi ni maharage yanayoiva yenyewe.

Kinachonitia joto mimi ni tarehe 20. VAT ya Februari inatakiwa KRA kufikia tarehe 20 Machi, na KRA haiulizi kama mteja wako amelipa. Ukishatoa invoisi, kodi yake unadaiwa wewe. Ndani ya ile 708,000 kulikuwa na VAT ya shilingi 96,000, na kwa mwendo ule hoteli ilikuwa inaelekea kuitoa mfukoni mwake kwa ajili ya chakula ambacho wengine walikwisha kula wakasahau. Kwa hiyo Jumatano tarehe 12 meneja alipochungulia mlangoni akauliza, "Wale wa malori wamelipa?", tayari nilikuwa nimechemka.

Tuna barua ya Kiingereza tuliyoirithi. Hakuna anayejua aliyeiandika, lakini inanuka ofisi ya wakili: mteja ameshindwa kutimiza wajibu wake, apewe siku saba, huduma zitasimamishwa, hatua nyingine zitafuata. Nikabadilisha jina na kiasi, nikaituma kwa kijana aliyeratibu mafunzo kwa sababu anwani yake ndiyo niliyokuwa nayo, kisha nikaweka nakala kwa mkurugenzi wa tawi ili waamke. Siku tatu tu baada ya tarehe ya malipo, tena mteja ambaye hajawahi kutukosea.

Kimya.

Alhamisi mchana nikampigia yule kijana. Alipokea kwa sauti ya mtu aliyeketishwa chini akahojiwa. "Madam, kazi yangu mimi ilikuwa kuwatafutia watu vyumba. Pesa siigusi. Hapa faili inaenda kwa meneja wa fedha, na yeye ni mgeni, Kiswahili hakijui. Akishaweka sahihi inaenda Dar kwa mama wa malipo, yeye ndiye anayeachilia pesa. Huyo mwandikie Kiswahili. Kiingereza anasoma, lakini barua ya Kiswahili ndiyo anayoijibu." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Na mkurugenzi ameniuliza nilipeleka watu hoteli gani hiyo."

Ukiwa na kazi kama yangu, jambo hilo la kijana ndilo la kuanza nalo, kabla hata ya kufikiria maneno ya barua. Anayeagiza vyumba, anayeidhinisha na anayeachilia pesa mara nyingi ni watu watatu tofauti. Wa kwanza anakupenda na hana uwezo. Wa tatu ana uwezo na hajawahi kusikia jina la hoteli yako. Siku hizi majina ya vyeo vyote vitatu nayauliza siku LPO inapoingia, wakati bado wananihitaji mimi.

Ijumaa tarehe 14 nikaketi kuandika Kiswahili. Nilichofanya hasa ni kuiweka barua ya Kiingereza upande mmoja wa kioo na kuihamisha sentensi kwa sentensi. Kiini chake kilikuwa hiki, nakinakili kama kilivyotoka:

"Hii ni kuwakumbusha kwamba mmeshindwa kulipa deni la shilingi 708,000 ambalo lilitakiwa tarehe 9 Machi. Mnatakiwa kulipa mara moja. Tutawapigia simu Jumatatu saa 4 alasiri kujadili suala hili."

Niliisoma mara mbili nikaona iko sawa. Nikaituma Dar.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa stoo na mpishi mkuu tukihesabu mafuta ya kupikia. Mapokezi wakaniita: kuna simu kutoka Tanzania, mama anasema tulipanga kuzungumza saa nne. Nikapanda ngazi mbio nikishangaa ni mpango gani huo.

"Habari za asubuhi dada. Hamjambo huko?" Tukasalimiana sana, afya, kazi, mvua. Kisha akasema kwa upole uleule, "Nimepata barua yenu. Sasa nikuulize, dada'angu, saa nne alasiri ndiyo saa ngapi? Maana mimi alasiri ninayoijua inaanzia saa tisa, na saa nne ninazozijua ni mbili, ya asubuhi na ya usiku. Nikaona nisingoje ya usiku, mimi nimefunga, nitakuwa nimelala."

Ilikuwa Ramadhani, na barua yangu haikuwa na hata salamu, achilia mbali Ramadhani. Na saa nilikuwa nimeihamisha kutoka Kiingereza na tarakimu yake, nikaiwekea alasiri pembeni. Nilikuwa na maana ya saa kumi. Mtu wa Nairobi anayeishi kwa lugha mbili anafanya kosa hili kila siku mdomoni, na watu wanamwelewa kwa sababu wanamwona usoni. Kwenye barua hakuna uso.

"Jambo la pili," akasema, "hii barua mmeandika nyinyi au wakili? Mmesema tumeshindwa kulipa. Dada, sisi hatujashindwa. Kampuni iliyoshindwa kulipa inafungwa. Nikimpelekea bosi wangu karatasi inayosema tumeshindwa, ataniuliza nani amewaambia watu wa Nairobi kwamba hatuna hela."

Hapo ndipo nilipoiona. Kwa Kiingereza, neno nililolifasiri linasema tu kwamba jambo lililotarajiwa halikufanyika. Kwa Kiswahili, kushindwa ni kukosa uwezo, ni kuelemewa. Nilikuwa nimemwandikia mteja kwamba amefilisika, halafu nikamwamuru alipe mara moja. Kosa halikuwa la sarufi, ndiyo maana nilipoisoma tena sikuliona. Sentensi ilikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa inasema jambo lingine tu.

"Na la tatu, hizi shilingi ni zipi?"

Nikajibu kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Shilingi, za kawaida."

Akacheka. "Za kawaida za kwetu au za kwenu?"

Kumbe tangu Ijumaa alikuwa ameiweka laki saba na elfu nane hiyo kwenye malipo madogo ya ofisi, kwa shilingi ya Tanzania, akishangaa kwa nini watu wanaandika kwa ukali hivyo kwa kiasi kidogo kama kile. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya shilingi kumi za Tanzania. Kama angenilipa kwa haraka ili nimwondokee, ningepokea sehemu ndogo tu ya pesa, kisha tungeanza barua za aina nyingine. Kwenye invoisi imeandikwa KES. Kwenye barua ya Kiingereza pia iliandikwa. Nilipohamia Kiswahili ndipo nikaliacha, kwa sababu katika lugha yangu shilingi ni shilingi.

Nilimwomba radhi kwa yote matatu. Akasema hayo yamekwisha, dawa ya deni ni kulipa na yeye hapingi, lakini faili yenyewe bado iko Nairobi. Meneja wa fedha hakuitia sahihi kwa sababu invoisi inasema watu 20 na karatasi ya mahudhurio ina sahihi 18. Hakuniuliza mimi. Hakumuuliza yule kijana. Aliandika alama ya kuuliza pembeni kwa kalamu akaiweka faili chini ya nyingine. Kwa siku thelathini na zaidi nilikuwa nadhani nina mteja mgumu, kumbe nina swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

Na swali lilikuwa la haki. Wawili kweli hawakufika. Tulipigiwa simu Jumatatu asubuhi, siku ileile ya kuingia, na mkataba unasema chumba kikifutwa chini ya saa 48 kabla ya kuingia kinatozwa chote. Kisheria tulikuwa sawa. Lakini mapokezi walithibitisha kwamba kimoja kati ya vyumba hivyo tulikiuza kwa mgeni mwingine Jumanne na Jumatano, jambo ambalo mimi sikulijua nilipotoa invoisi. Nikaenda kwa meneja na kitabu cha vyumba mkononi. Alinung'unika, akasema mkataba ni mkataba, akaenda kunywa chai, akarudi akasema tuwatoze wale wawili usiku mmoja kila mmoja na tuachilie usiku mbili. Hiyo ni 2 mara 2 mara 11,800, yaani shilingi 47,200. Nikatoa kredit noti, hati ya kupunguza kiasi cha invoisi, kwenye eTIMS ikirejelea invoisi ya awali. Usifute invoisi na kuandika nyingine mkononi, wala usiruhusu mteja "alipe tu kilicho sawa": pengo litabaki kwenye vitabu vyako na VAT yake utaendelea kudaiwa.

Salio jipya likawa shilingi 660,800.

Jumanne tarehe 18 nikaandika upya, barua mbili. Safari hii sikufasiri. Nilianza na jedwali la tarakimu, nikalihakiki, nikalinakili kama lilivyo kwenye kurasa zote mbili bila kuchapa upya hata sifuri moja. Tarehe zote nikaziandika kwa jina la mwezi, kwa sababu 9/3 kuna watu wanaoisoma kuwa Septemba. Kisha kila barua nikaiandika kutoka mwanzo, nikimfikiria anayeisoma. Hii ndiyo ya Kiswahili:

Nairobi, 18 Machi 2025

Kitengo cha Malipo, Makao Makuu, Dar es Salaam

YAH: ANKARA YA MALAZI NA MAFUNZO, 3 HADI 6 FEBRUARI 2025

Ndugu Mhasibu,

Habari za kazi. Tunawatakia Ramadhani njema.

Tunawashukuru kwa kuwaleta wafanyakazi wenu kwetu mwezi Februari. Tunaandika kuhusu ankara ya mafunzo hayo. Muda wake wa malipo ulifika tarehe 9 Machi 2025, na kwenye vitabu vyetu bado inaonekana haijalipwa. Ikiwa malipo yamekwisha kutumwa, tunaomba nakala ya hati ya benki ili tuyafuatilie upande wetu.

Tumepokea hoja ya wageni wawili ambao hawakufika. Tumekubaliana kuwatoza usiku mmoja tu kila mmoja. Hesabu sasa ni hii, kwa shilingi za Kenya:

Ankara ya awali: KES 708,000
Kredit noti: KES 47,200
Salio la kulipwa: KES 660,800

Akaunti yetu ya benki ni ileile iliyo kwenye mkataba, haijabadilika. Mkipokea ujumbe wowote unaotaja akaunti nyingine, tafadhali tupigieni kwa namba iliyo kwenye mkataba kabla ya kulipa.

Tungeomba malipo yafanyike ifikapo Ijumaa, 28 Machi 2025. Ikiwa tarehe hiyo ni ngumu kwenu, au kuna karatasi inayokosekana, tujulisheni mapema tusaidiane.

Tumeambatisha ankara, kredit noti, nakala ya LPO na orodha ya wageni yenye sahihi zao.

Wenu,
Idara ya Hesabu

Niseme kidogo kuhusu maneno. Shuleni kwetu Kenya tulifundishwa kuanza mada ya barua rasmi kwa KUH. Tanzania ofisi nyingi huandika YAH, na mama wa malipo anapofungua barua macho yake yanatafuta herufi hizo. Nimeandika ankara wala si invoisi, ingawa mdomoni siitumii, kwa sababu ofisini kwao ndilo neno la karatasi. Neno deni nililiondoa lote. Si tusi, lakini linamkaa mtu, ilhali ankara inakaa mezani. Na "haijalipwa" inaisema ankara, haimsemi mtu, aliyechelewa anajijua. Ile "tungeomba" niliwekewa na dada wa mapokezi, mtu wa Mombasa, ambaye nilimpa barua aisome kwa sauti kabla sijaituma. Mimi nilikuwa nimeandika "tunahitaji". Alifika hapo akasita, akasema, "Hapa umefunga mlango, dada." Nilimwomba pia anieleze, bila kuitazama barua, nani anadaiwa, kiasi gani, pesa ya nchi gani, na siku gani. Alijibu yote manne. Kama angekosa moja ningerudi kuandika.

Lakini upole wa barua hii hauko kwenye "tungeomba" peke yake. Sentensi inayotoa njia ("ikiwa malipo yamekwisha kutumwa") inamwezesha msomaji kujibu bila aibu, na mara nyingine inakuwa kweli: pesa imeingia, mimi ndiye sikuioanisha na invoisi. Sentensi ya akaunti ya benki ni ya ulinzi. Matapeli wanapenda sana barua za kukumbusha malipo. Wanaiga barua yako, wanabadilisha namba ya akaunti tu. Mhasibu makini akiona akaunti kwenye barua ya mtu asiyemjua anaweka faili kando hadi athibitishe, na ana haki. Ndiyo maana namba yenyewe sikuiandika, nilimrudisha kwenye mkataba. Tarehe 28 niliichagua kwa sababu Idi ilikuwa inakaribia, na wiki ya Idi usitegemee sahihi ya mtu.

Barua ya Kiingereza, ile ya meneja wa fedha, ilikuwa nusu ya urefu huo. Ilianza na namba ya invoisi, salio na tarehe kwenye mstari wa kwanza, bila habari za kazi. Aya ya pili ikajibu alama yake ya kuuliza moja kwa moja: watu 18 walifika, mkataba unasema hivi, sisi tumekubali hivi, kredit noti ni hii. Kisha jedwali lilelile, akaunti, tarehe, asante. Ramadhani sikuitaja kwake. Kama ningemwandikia yeye kwa mpangilio wa barua ya Dar, angefika kwenye kiasi akiwa amechoka. Na kama ningemwandikia mama wa Dar kwa mpangilio wake yeye, angeona nimeingia nyumbani kwa watu bila hodi. Upole ni ule ule, ila mmoja anapewa salamu na mwingine anapewa muda wake.

Zote mbili niliziweka kwenye PDF moja, kila lugha ukurasa wake, nikazituma kwa wote wawili kwa pamoja. Hilo nililifikiria sana. Ukimtumia kila mtu lugha yake peke yake, siku moja watapigiana simu mmoja akiwa na tarehe tofauti na ya mwenzake, na hutajua. Wakiwa na kurasa zote mbili, wanaziona tarakimu ni zile zile. Mkurugenzi sikumwekea nakala. Yule kijana ndiye niliyemwekea, ili naye aone mambo yametulia.

Jibu la Dar lilikuja jioni hiyo: "Imepokelewa, ahsante. Nasubiri sahihi ya Nairobi." Alhamisi tarehe 20 hoteli ikalipa VAT ya Februari kama kawaida, ile 96,000 ikiwa ndani yake, kwa sababu kredit noti ilikuwa ya Machi na nafuu yake ingekuja mwezi unaofuata. Meneja alitia sahihi malipo hayo bila kunitazama. Uchungu wa siku ile ndio unaonifanya sasa nipige simu ya kwanza siku ya saba baada ya kutuma invoisi. Siombi pesa, nauliza tu: imefika, imekaa sawa, kuna swali? Na barua ya kukumbusha ya kwanza inatoka siku tatu kabla ya tarehe, wakati hakuna aliyechelewa na hakuna wa kuona haya.

Alhamisi tarehe 27 pesa ikaingia. Shilingi 649,600.

Nikaitazama ile tarakimu. Nilitarajia 660,800. Zinapungua 11,200. Nikafungua hesabu: bei ya hoteli kabla ya kodi sasa ilikuwa 560,000, VAT 89,600, tozo ya utalii asilimia 2... 11,200. Sawasawa kabisa, hadi shilingi. Kumbe wamekataa kulipa tozo ya utalii! Baada ya barua zote hizo, salamu zote hizo! Nikafungua ukurasa mpya nikaanza kuandika, na nakubali kwamba neno la kwanza halikuwa habari za kazi.

Kilichoniokoa ni chakula cha mchana. Niliporudi saa nane kulikuwa na ujumbe kutoka iTax, mfumo wa kodi wa KRA mtandaoni: cheti cha VAT iliyozuiwa, shilingi 11,200, kutoka kwa tawi lao la Nairobi. Kampuni zilizoteuliwa na KRA kuzuia VAT hukata asilimia 2 ya bei kabla ya kodi wakati wa kumlipa mwenye invoisi, na kuipeleka KRA wenyewe. Pesa hiyo haipotei, inahesabiwa kwenye VAT yako. Tozo ya utalii nayo ni asilimia 2 ya bei ileile kabla ya kodi. Kwa hiyo kwenye ankara ya hoteli kama yetu, namba hizo mbili hufanana siku zote, na mtu mwenye hasira ataona anayotaka kuona. Miaka sita kazini, na bado nilikuwa karibu kuwadai watu pesa ambayo tayari wamenilipia serikalini. Tangu hapo, mteja wa aina hiyo namwandikia mstari mmoja zaidi chini ya salio: ikiwa mnazuia VAT, tutakachotarajia benki ni kiasi hiki.

Nilifuta ile barua, nikaandika nyingine fupi ya shukrani, kurasa mbili, lugha mbili, na stetimenti inayoonyesha sifuri. Meneja wa fedha hakujibu, na sikutarajia. Mama wa Dar alijibu baada ya Idi.

"Ahsante dada, tumefunga hesabu vizuri. Mwezi wa sita tunaleta watu 15, LPO inakuja. Na ukitaka kunipigia alasiri, andika saa kumi."